Barua ya ajira imekuja na cheo tofauti na tangazo

"Tangazo lilisema Mhasibu Mwandamizi. Barua niliyotumiwa inasema Mhasibu tu, na mshahara umeshuka. Nimwambieje ofisa ajira bila kuonekana mkorofi?"

Usisaini kwanza, wala usimshukuru kwa maneno yanayoonyesha umekubali. Tafuta nakala ya tangazo, kwa sababu matangazo huondolewa mapema. Kisha hakikisha unalinganisha vitu vya aina moja: tangazo mara nyingi hutaja mshahara kabla ya makato, na barua huenda imeandika unaobaki mkononi. Mkorofi wa kweli ni yule anayelalamika kabla ya kusoma mstari huo.

Tofauti ikibaki, andika barua pepe, usipige simu. Mpe nafasi ya kuwa amekosea, maana barua hizi hunakiliwa kutoka kwenye kiolezo:

"Asante kwa barua ya ajira. Nimeona cheo kimeandikwa Mhasibu, ilhali tangazo nililoambatanisha, na usaili wetu, vilihusu Mhasibu Mwandamizi. Mshahara nao uko chini ya uliotangazwa. Naomba kujua kama ni makosa ya uandishi au nafasi imebadilika."

Akisema ni makosa, subiri barua mpya. Ahadi ya "tutarekebisha ukishaanza" haina nguvu, kwani utakachosaini ndicho kitakachohesabiwa. Akisema wamekushusha daraja baada ya usaili, uliza ulipungukiwa na nini, na kama majukumu nayo yamepunguzwa. Majukumu yakibaki ya mwandamizi, hapo ndipo pa kujadiliana. Mimi ningeshikilia cheo hata kuliko fedha, kwani mwajiri ajaye atakisoma hicho.