Maswali na Majibu: Kwa Nini Chaguo Lenye Sura ya Ukweli Si Jibu

Barua nyingi zilizonifikia baada ya jaribio la somo la uongozi zinahusu swali moja tu, kwa hiyo ninalinukuu lote kabla ya kujibu.

*Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka 12 amehamishiwa kitengo cha ununuzi. Hajawahi kuandaa nyaraka za zabuni, lakini ameipokea kazi hiyo kwa ari na kwa kujiamini. Kwa mujibu wa nadharia ya uongozi kulingana na hali katika toleo la pili la Blanchard, mkuu wake aanze na mtindo upi katika kazi hiyo?*

*A. Kumkasimia kazi na mamlaka ya kuamua.*
*B. Kumwelekeza hatua kwa hatua na kumfuatilia kwa karibu.*
*C. Kumsikiliza, kumtia moyo na kuamua pamoja naye.*
*D. Kumpa maelekezo mengi pamoja na kumshawishi na kumtia moyo.*

Jibu sahihi ni B. Mengine matatu ni vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi yaliyotungwa ili yamvute mtahiniwa mwenye pengo fulani la uelewa.

Mwalimu, nilichagua A. Mtu wa miaka 12 kazini anaelekezwa nini tena?

Kipotoshi hiki kimejengwa juu ya namba uliyoitaja. Mtungaji ameiweka miaka 12 katika sentensi ya kwanza, kabla hujajua kazi yenyewe ni ipi, na ukishaisoma unabaki na picha ya mtu mkomavu ambayo sentensi inayofuata haiifuti kwa urahisi. Katika nadharia hii, hata hivyo, ukuaji, yaani umahiri wa mtu pamoja na ari yake, haupimwi kwa mtu kwa ujumla wake wala kwa umri wake kazini. Unapimwa kwa kazi mahususi aliyopewa. Mhasibu huyu anaweza kufunga hesabu za mwaka bila kuulizwa lolote, na siku hiyohiyo akawa mgeni kabisa mbele ya vigezo vya kuwachuja wazabuni. Umahiri wake katika kazi ya kwanza hauhamii katika ya pili kwa sababu tu mfanyaji ni yuleyule.

Rudi kwenye maneno ya mwisho ya swali: "katika kazi hiyo". Ndiyo yanayoiangusha A. Kama swali lingeuliza juu ya kufunga hesabu, kumkasimia lingekuwa jibu sahihi, kwa kuwa huko anao umahiri na anayo ari.

Tumefundishwa kwamba uongozi shirikishi unawafaa watu kuliko wa maagizo. Kwa nini C ikataliwe?

Ulichofundishwa kina asili yake. Mwaka 1939 Lewin, Lippitt na White walichapisha utafiti wao juu ya vikundi vya wavulana wa miaka 10 hivi, vilivyoongozwa kwa mtindo wa kiimla, wa kidemokrasia na wa kuachia. Wavulana walimpenda zaidi kiongozi wa kidemokrasia, na hali ya kikundi chake ilikuwa nzuri zaidi. Matokeo hayo yamefundishwa mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wengi huyageuza kuwa kanuni ya kila mahali, nami sishangai kwamba mtungaji wa C ameitegemea kanuni hiyo.

Utafiti ule, hata hivyo, haukuuliza mtu asiyeijua kazi aanzishwe vipi. Swali letu linauliza hilo hasa. Kuamua pamoja na mtu kunahitaji awe na cha kuleta mezani, na mhasibu huyu bado hana. Ukimuuliza muda wa kupokea zabuni uwe siku ngapi, atakujibu kwa kukisia, kisha utalazimika ama kuufuata ukisiaji wake ama kuukataa, na yote mawili yanaupunguza ule ushirikishwaji ulioutaka. Tena, C inatibu upungufu ambao swali limesema haupo. Kusikiliza na kutia moyo ni dawa ya aliyejua kazi lakini anasitasita, na huyu hasitisiti.

Kuna jambo moja lililojitokeza katika barua yako nami nataka kulirekebisha. Umeandika kuwa B ni "mtindo wa ukali". Neno kumwelekeza halina ukali ndani yake. Kiongozi anayeelekeza anasema nini kifanyike, kwa utaratibu upi, kwa muda gani, na jinsi kazi nzuri inavyoonekana, kisha anarudi mapema kukagua. Katika mfano wetu angempa zabuni iliyokwisha kukamilika aisome, angemwonesha ni sehemu zipi hubadilika na zipi hubaki zilivyo, angemtaka aandae sehemu moja tu, na angeikagua kabla ya kumpa ya pili. Yote haya yanaweza kufanywa kwa upole na heshima kamili. Anayesoma B kama ukali ataikimbia hata akiwa ameielewa nadharia.

D ina kila kilichomo kwenye B na nyongeza ya kutia moyo. Zaidi si bora?

Hiki ndicho kipotoshi bora kuliko vyote vitatu, na ndicho kilichowapata waliosoma vizuri. Nguvu yake inatokana na kuwa karibu sana na jibu, kwa kuwa kinachukua nusu ya B iliyo sahihi na kuongeza kitu ambacho hakuna mtu mwema anayeweza kukipinga. Mtahiniwa anajiambia kwamba hata kama kutia moyo hakuhitajiki, hakutadhuru.

Tazama mitindo minne inavyotengenezwa. Kila mmoja ni mchanganyiko wa vipimo viwili, kiasi cha maelekezo na kiasi cha msaada wa kutia ari. B ni maelekezo mengi na msaada mdogo. D ni maelekezo mengi na msaada mwingi. C ni maelekezo machache na msaada mwingi. A ni vyote viwili vikiwa kidogo. Msaada mdogo hapa haumaanishi kumnyima mtu ubinadamu. Maana yake ni kwamba kiongozi hatumii muda wake kujenga ari ambayo tayari ipo. Swali linasema waziwazi kwamba mhasibu anayo ari na anajiamini, na hivyo viwili, kwa pamoja, ndivyo nadharia inavyovihesabu upande wa pili wa ukuaji baada ya umahiri. Anayechagua D amepuuza nusu ya taarifa alizopewa.

Sasa sogeza kisa mbele wiki sita. Mhasibu ameandaa zabuni mbili. Moja imerudishwa kwa sababu vigezo havikueleweka, na amegundua kwamba kazi ina mitego mingi kuliko alivyodhani. Anajua kiasi, lakini shauku imeshuka na ameanza kusema kwamba afadhali arudi kwenye hesabu zake. Hapo D inakuwa jibu, kwa sababu bado anahitaji kuelekezwa na sasa anahitaji pia kuelezwa sababu za kila hatua, kusikilizwa na kurejeshewa imani. Miezi kadhaa baadaye, atakapokuwa anaweza kazi lakini anataka kila uamuzi wake uthibitishwe, C itafaa. Ukilitazama swali hivi, utaona kwamba hakuna chaguo lililo baya kwa asili yake. Kila kipotoshi ni jibu la mtu huyuhuyu katika wakati mwingine, na kazi yako ni kutambua shina la swali, yaani maelezo yanayotangulia machaguo, limemkuta wakati gani.

Kitabu nilichonacho kina swali linalofanana na hili kabisa, na jibu lake ni D. Nani amekosea?

Hakuna aliyekosea, mradi kitabu chako kinafuata toleo la Hersey. Paul Hersey na Ken Blanchard waliitoa nadharia hii pamoja mwaka 1969, kisha wakaiendeleza kila mmoja kwa njia yake, na toleo la pili la Blanchard likatoka mwaka 1985. Tofauti yao inaangukia mahali hapa hasa tunapoulizana. Kwa Hersey, mtu wa ngazi ya chini kabisa ya utayari ni yule asiyeweza kazi na ambaye pia hataki au hajiamini. Huyo ndiye anayeelekezwa. Asiyeweza lakini anataka na anajiamini yuko ngazi ya pili, na mtindo wake ni kushawishi, yaani D yetu. Kwa Blanchard, mgeni mwenye shauku ndiye anayeanza ngazi ya kwanza, na ari hushuka baadaye anapokutana na ugumu wa kazi.

Kwa hiyo mhasibu yuleyule, akiwa na maneno yaleyale, anapata majibu mawili tofauti. Kilichoifanya D iwe kipotoshi katika jaribio letu ni jina la Blanchard ndani ya shina la swali. Ukikutana na swali la namna hii lisilotaja toleo, tazama muhtasari wa somo lako unafuata lipi, na kama haupo, andika kwa mtahini. Una haki ya kufanya hivyo.

Mtungaji atajuaje kama D ni kipotoshi kizuri au ni jibu la pili sahihi?

Kwa kutazama ni nani walioichagua. Njia ya kawaida ni kupanga karatasi kwa alama za jumla, kuchukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, kisha kuhesabu kila kundi lilichagua nini. Tuseme watahiniwa ni 100, hivyo kila kundi lina 27. Kama D imechaguliwa na 3 wa juu na 10 wa chini, inafanya kazi yake, kwa kuwa inawavuta wenye pengo. Kama imechaguliwa na 11 wa juu na 4 wa chini, wanaojua zaidi ndio wanaoiona kuwa kweli, na mtungaji anapaswa kulirudia shina la swali kabla ya kumlaumu mtu. Sababu inayoelekea zaidi ni hiyo niliyoieleza katika jibu lililotangulia, kwamba jina la toleo halikuandikwa, na wasomaji wazuri wakalijibu kwa kumfuata Hersey.

Chaguo lililovuta chini ya asilimia 5 ya watahiniwa wote nalo huhesabiwa kuwa halifanyi kazi. Katika swali letu linaloweza kufikia hali hiyo ni A, endapo mtungaji ataiondoa ile miaka 12. Shina likisema tu "mfanyakazi mpya", karibu kila mtu ataona kwamba mgeni hakasimiwi kazi asiyoijua, na swali la machaguo manne litabaki na matatu.