Maandishi meusi kwenye giza

"Mbona imeili zingine nikifungua usiku naona giza tupu, maandishi hayasomeki?"

Yakhe, hiyo ni modi ya giza. Aliyetuma kaandika `color:#000000` bila kutaja rangi ya nyuma, sasa programu ikatia giza nyuma lakini ule weusi wa maandishi ikauacha vile vile kwa vile ndo ulioamriwa, yangeachwa bila rangi yangegeuka meupe yenyewe. Mie ilinipata na risiti ya wakala mmoja wa mizigo hapa Mombasa, nikashika maandishi kwa kidole kama nataka kukopi, yakatokea, nikajua yamo ni rangi tu. Zima modi ya giza usome, na anayetuma ataje zote mbili:

```
color:#000000; background-color:#ffffff;
```

Ila kuna programu zinageuza rangi kwa nguvu, hizo zaweza kupuuza hata hiyo.