Malori ya kukodi na deni linalotakiwa kwenye mizania

Swali: "Wakuu, kampuni yetu imekodi malori kwa miaka mitatu, tunalipa milioni 30 kila mwisho wa mwaka, mkataba ukiisha tunayarudisha. Mikataba iliyopita tuliandika malipo kama gharama tu. Mkaguzi mpya anataka tuweke deni kwenye mizania. Huu si ukodishaji wa uendeshaji? Ule wa kifedha si ni ule ambao mali inakuwa yako mwishoni?"

Mkuu, kabla ya kubishana na mkaguzi, fungua taarifa za hesabu za mwaka jana, usome kwenye maelezo ya mwanzo ziliandaliwa kwa kiwango gani. Kama imeandikwa IFRS for SMEs, una hoja: huko tofauti ya aina mbili bado ipo, na ukodishaji wa uendeshaji unabaki gharama ya kila mwaka. Kama ni IFRS kamili, mkaguzi yuko sahihi. Tangu tarehe 1 Januari 2019, IFRS 16 ilipochukua nafasi ya IAS 17, anayekodi hagawi tena aina mbili. Karibu mikataba yote inaingia kwenye mizania. Anayeendelea kugawa ni mwenye malori, katika vitabu vyake.

Na hata pale mgawanyo unapobaki, kinachoangaliwa ni nani anabeba hatari na manufaa ya kumiliki mali. Lori linalotarajiwa kufanya kazi miaka minane, likikodishwa kwa miaka saba, kwa kawaida linahesabiwa kuwa la kifedha ingawa litarudi kwa mwenyewe. Kuhamisha umiliki ni dalili moja tu kati ya kadhaa.

Sasa hesabu yenyewe. Nimeandaa hesabu za kampuni za usafirishaji kwa miaka mingi, na kinachowasumbua wengi ni kudhani deni ni milioni 90. Deni ni thamani ya leo ya malipo hayo. Unatumia riba iliyomo kwenye mkataba. Isipojulikana, na mara nyingi haijulikani, unatumia riba ambayo ninyi mngetozwa mkikopa kiasi kama hicho, kwa muda huo, kwa dhamana ya aina hiyo. Tuseme asilimia 15:

```
30/1.15 + 30/1.15^2 + 30/1.15^3 = 68.5
```

Siku malori yanapoanza kutumika, mnaandika mali ya haki ya kutumia milioni 68.5, na deni la milioni 68.5. Mali inashuka kwa uchakavu wa milioni 22.8 kila mwaka. Deni linakwenda kivyake: mwaka wa kwanza linazaa riba ya milioni 10.3, mnalipa 30, linabaki 48.8. Mali wakati huo imebaki 45.7. Usishtuke kuona mali na deni havilingani. Deni hushuka polepole mwanzoni kwa sababu riba inakula sehemu kubwa ya malipo.

Gharama ya mwaka wa kwanza inakuwa milioni 33.1 badala ya 30, na ya mwaka wa tatu inashuka hadi 26.7. Jumla ya miaka mitatu ni ile ile 90.

Pa kuangalia kwa makini ni mgawanyo wa hiyo 48.8. Nimeona wahasibu wakiweka milioni 30 kwenye madeni ya muda mfupi kwa kuwa ndiyo italipwa mwaka ujao. Lakini ndani ya hiyo 30 kuna riba ya milioni 7.3 ambayo bado haijazaliwa. Deni la muda mfupi ni 22.7, la muda mrefu 26.1. Ukikuta muda mfupi unalingana kabisa na malipo ya mwaka, hesabu imekosewa.

Kitu kingine: kama malipo hayo yanajumuisha dereva na matengenezo, sehemu hiyo ni huduma. Mnaweza kuitenga na kuiandika kama gharama, na deni likapungua. Omba mwenye malori awape mchanganuo wa bei.

Kuna wanaotaka kukwepa kwa kuandika mikataba ya mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa mkataba usiozidi miezi 12 unaruhusiwa kubaki gharama. Mkaguzi atauliza kama mna haki ya kuongeza muda na kama ni karibu hakika mtaitumia. Kama biashara yenu haiendi bila malori hayo, miaka hiyo inahesabiwa.

Mwisho, kama mna mkopo benki, soma masharti yake kabla hesabu hazijafungwa. Kampuni moja niliyoihudumia ilikuwa na sharti la uwiano wa madeni kwa mtaji, na deni la ukodishaji peke yake likaivusha kiwango bila kukopa hata shilingi. Benki ilikubali kuliondoa deni hilo kwenye kipimo, lakini iliombwa mapema na makubaliano yakaandikwa kabla ya tarehe ya mizania. Mkiomba baada ya tarehe hiyo, mkopo mzima unaweza kulazimika kuonyeshwa kama deni la muda mfupi.