Ng'ombe aliyezaa ana nyuzi 37.2

"Ng'ombe wangu amezaa jana, leo amelala hainuki. Joto ni 37.2. Jirani anasema hana homa, nisubiri kesho?"

Usisubiri. Jirani yako ana haki kusema hana homa, lakini ng'ombe mzima huwa na nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, na kushuka chini ya hapo kwa aliyetoka kuzaa ni hatari pengine kuliko homa yenyewe. Rudia kipimo, ukigusisha ncha ya kipimajoto kwenye ukuta wa njia ya haja kubwa, kwa sababu ikizama katika kinyesi tu husoma chini.

Kabla ya kumgusa, hesabu pumzi kwa kutazama ubavu dakika nzima. Kisha tafuta mapigo chini ya shina la mkia. Akiwa ametulia, mapigo huwa kati ya 60 na 80. Yakizidi 90, tena yakiwa dhaifu kiasi cha kukuponyoka kidoleni, huku masikio ni ya baridi na shingo imepindia ubavuni, ninashuku homa ya maziwa, ambayo licha ya jina lake ni upungufu wa kalsiamu katika damu.

Mwite daktari wa mifugo sasa hivi. Kalsiamu ya mshipani huingizwa polepole, kwani ikienda haraka husimamisha moyo, usijaribu mwenyewe. Wakati unangoja, mkalishe kifudifudi, umwegemeze kwa magunia ya majani, wala usimnyweshe kitu, maana koo lililolegea hupeleka maji mapafuni.