Kwa nini pendulamu ya kwanza inasimama

"Nimeunganisha pendulamu mbili kwa springi laini. Mbona niliyoivuta inasimama na nyingine inachukua mwendo wote?"

Ndugu, ukivuta moja tu unaanzisha miendo miwili kwa pamoja: wa kwenda upande mmoja, ambapo springi haivutiki, na wa kupishana, ambao springi huuharakisha. Tuseme wa kwanza hubembea mara 0.50 kwa sekunde, wa pili 0.55. Baada ya sekunde 10 wa kwanza umefanya bembea 5, wa pili 5.5. Kwa tofauti hiyo ya nusu bembea, miendo inafutana kwenye pendulamu uliyoivuta na kujumlishana kwenye mwenzake. Sekunde ya 20 nishati imesharudi. Springi ikilegea zaidi, huchukua muda mrefu zaidi. Ya kwanza isiposimama kabisa, pima nyuzi. Huenda urefu haulingani.