Deni la duka la marehemu

"Baba kafariki, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa kwa jina lake. Msambazaji anadai milioni 6, mwenye fremu anasema mkataba umekufa. Nilipe mimi?"

Pole sana. Hulipi mfukoni mwako, deni ni la mirathi. Tuseme mzigo na pesa za benki ni milioni 9, mazishi na gharama za mirathi zimekula 1. Msambazaji anapata 6 zake, warithi mnagawana 2. Mali ikipungukia deni, warithi hawadaiwi nyongeza.

Ila hesabuni mzigo leo, na asiuze mtu kabla Mahakama ya Mwanzo haijateua msimamizi (barua yake ni Fomu Na. 4). Anayejiuzia anaweza kudaiwa kwa alichokigusa.

Fremu: pango halifi na mpangaji, labda mkataba wenyewe useme hivyo. Usomeni.

— Kwetu kikao cha ukoo kilimpa kaka duka, yakaisha.

— Yaliisha kwa sababu hamkuwa na mdai. Kikao kinapendekeza tu, benki itataka barua ya mahakama.

— Na oda alizochukua malipo ya awali?

— Hao nao ni wadai, waandikwe.