Swali la lugha: tangazo la barua lisomwe vipi redioni?

*Swali: Najitolea katika redio ya jamii. Ofisi zinatuletea matangazo kwa barua, na nikiyasoma kama yalivyo, wasikilizaji wanapiga simu kuuliza: ni lini, saa ngapi, ni kwetu? Hili hapa ni la karibuni. Ungeligeuzaje?*

*"Wananchi wote wa mtaa wa juu na kando ya barabara kuu wanaarifiwa kuwa, kutokana na ukarabati wa bomba kuu utakaofanyika tarehe 14–15 Juni, huduma ya maji itasitishwa kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni, ambapo wanashauriwa kuhifadhi maji ya kutosha na kutotumia maji yatakayotoka mara baada ya huduma kurejeshwa hadi yatakapokuwa safi. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza."*

Kabla hujagusa kalamu, piga simu ofisini. Tangazo hili lina pengo ambalo jicho hulipita bila kulishtukia: ule mstari mdogo kati ya 14 na 15. Je, maji yanakatika tarehe 14 asubuhi na kurudi tarehe 15 jioni, usiku mzima mabomba yakiwa makavu? Au yanakatika kila siku asubuhi na kurudi kila siku jioni? Barua inakubali maana zote mbili, na mwandishi wa redio hana ruhusa ya kuchagua anayoipenda. Tuseme wamekujibu kwamba ni kila siku, na usiku maji yatatoka, na kwamba tarehe 14 ni Jumamosi. Sasa unaweza kuandika.

Tatizo la sentensi yenyewe si ugumu wa maneno. Hakuna neno hapo ambalo msikilizaji halijui. Tatizo ni kwamba habari yenyewe, yaani maji kukatika, inafika baada ya "wanaarifiwa kuwa", baada ya "kutokana na", na baada ya "utakaofanyika". Msomaji akipotea anarudi nyuma kwa jicho, lakini msikilizaji hana pa kurudi. Kwa hiyo panga upya: kwanza wanaohusika, kisha kinachotokea, kisha lini, kisha wafanye nini. Sababu inaingia baada ya lini, kwa sentensi moja fupi. Ofisi hupenda kuanza na sababu kwa kuwa inajitetea. Anayesikiliza huku anafua nguo anataka kwanza kujua kama ni mtaani kwake.

Vunja pia vile vitenzi vyenye virejeshi: "utakaofanyika", "yatakayotoka", "yatakapokuwa". Kwenye karatasi ni Kiswahili fasaha kabisa. Hewani, kila kimoja kinamdai msikilizaji akumbuke nomino iliyotajwa nyuma. Kifanye sentensi yake: "Mafundi wanatengeneza bomba kuu." Na ukiona umeandika "itarudi" au "yatarudi" mbali na nomino yake, itaje nomino tena. Kurudia neno "maji" mara nne ni kasoro katika insha, si katika redio.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika "kutotumia". Silabi moja tu, "to", ndiyo inayotenganisha onyo na ruhusa, nayo haina hata mkazo. Mtoto akilia chumbani wakati huo, msikilizaji anabaki na "kutumia maji yatakayotoka". Hali ni hiyo hiyo kwa "utapata" na "hutapata", ambapo kinachobadili kila kitu ni pumzi ya "h", na wasomaji wengine hata hawaitamki. Palipo na onyo, geuza ukanushi uwe tendo: badala ya kukataza, sema watu wafanye nini. Hapa ni "acheni yatiririke mpaka yawe safi".

Saa nazo zinahitaji uangalifu. "Saa kumi na mbili" ikikatwa mwanzo na mkwaruzo wa mawimbi, kinachobaki ni "mbili". Ndiyo maana mimi hutanguliza kipindi cha siku kisha saa: "jioni, saa kumi na mbili". Neno "jioni" linamlinda msikilizaji hata kama tarakimu imepotea. Ziandike tarakimu zote kwa maneno, kwa sababu msomaji mwenye haraka akiona 2:00 anaweza kutamka "saa mbili kamili na sifuri sifuri", na hilo limetokea. Juni na Julai zinaanza na sauti moja, kwa hiyo mimi husema "mwezi wa sita". Na usiandike "kesho" katika tangazo litakalosomwa siku tatu mfululizo.

Uangalie pia usiku. Ungeandika "jazeni ndoo usiku wa Ijumaa", ungewagawa wasikilizaji wako. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, siku inaanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Wengine, hasa vijana, wataelewa ni Ijumaa usiku. "Ijumaa jioni, kabla ya jua kuzama" haina mgogoro.

Mimi ningeandika hivi:

> Tangazo kuhusu maji. Linawahusu wakazi wa mtaa wa juu, na wakazi wa kando ya barabara kuu.
>
> Maji yatakatika kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne na Jumapili ya tarehe kumi na tano, mwezi huu wa sita.
>
> Kila siku maji yatakatika asubuhi, saa mbili. Yatarudi jioni, saa kumi na mbili. Usiku maji yatatoka.
>
> Mafundi wanatengeneza bomba kuu.
>
> Jazeni ndoo na madumu Ijumaa jioni, kabla ya jua kuzama. Maji yakirudi, yatakuwa machafu kwanza. Acheni yatiririke mpaka yawe safi, ndipo mkinge.
>
> Narudia. Mtaa wa juu na kando ya barabara kuu: maji yatakatika Jumamosi na Jumapili, kuanzia asubuhi saa mbili, mpaka jioni saa kumi na mbili.

Nimetumia wingi, "jazeni" na "acheni". Wapo wanaofundisha kwamba redio izungumze na mtu mmoja, na kwa mazungumzo nakubali. Kwa agizo, wingi unakaa vizuri zaidi: nyumba nzima inasikiliza, na mzee hajihisi ameamriwa na kijana.

Urefu usiupime kwa kuhesabu maneno. Neno moja la Kiswahili laweza kuwa na silabi saba, kwa hiyo hesabu ya maneno haikuambii chochote kuhusu sekunde. Soma kwa sauti, saa ikiwa mkononi. Ukikosa pumzi katikati ya sentensi, ikate hapo hapo. Kisha msomee mwenzako mara moja tu, yeye akiwa ameipa karatasi mgongo, umwulize: wapi, lini, saa ngapi? Asipojibu moja, rekebisha sentensi hiyo, usimrudie kumsomea kwa sauti kubwa zaidi.

"Tunaomba radhi kwa usumbufu" nimeliacha. Ofisi ikishikilia liwemo, liweke baada ya sentensi ya mafundi, kamwe si mwishoni, ili baada ya "Narudia" kusibaki kitu kingine isipokuwa mtaa, siku na saa.